Mama Sponji Aulizwa Habari za Futi

Simu ilipolia mara ya kwanza, Mama Sponji hakuipokea. Alikuwa amekalia kochi lisilo na mguu mmoja, akivutana bei na muuza mbao, na yeye hajawahi kugeuza uso katikati ya mvutano wa bei. Ukigeuka kidogo tu, muuza mbao anapata nafasi ya kumeza mate, na akishameza mate anakumbuka kuwa mafuta yamepanda, barabara mbovu na mkewe anadai. Basi simu ikalia hadi ikachoka. Muuza mbao akachoka pia, akakubali bei huku akitikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Mama, wewe ungekuwa hakimu tungefungwa wote," alisema, akipanga mbao ukutani.

"Ningekuwa hakimu ningekula mshahara wa serikali, nisingekaa hapa na vumbi lako," Mama Sponji alimjibu. "Hiyo ya pembeni imepinda, irudishe kwenye gari."

Jina la Mama Sponji halikutoka kwa wazazi. Miaka ile alipoanza maisha, alikuwa akizunguka nyuma ya kiwanda cha magodoro kuokota vipande vya sponji vilivyotupwa, akavikatakata, akavishindilia kwenye foronya na kuuza mito mlango kwa mlango. Watu walimcheka. Walimwona anapita na gunia kubwa jepesi kichwani, wakasema huyu mama amebeba upepo. Upepo huo ukazaa cherehani, cherehani ikazaa karakana, na sasa waliomcheka ndio wanaokuja kuagiza makochi ya sebuleni. Anawapokea vizuri, anawapa kiti na maji ya kunywa. Punguzo hawapati.

Karakana yenyewe ni banda refu la mabati. Upande mmoja mafundi wanapigilia fremu, upande wa pili kuna meza ndefu ya kukatia vitambaa, na katikati sponji zimepangwa hadi karibu na dari. Kila mtu humo ndani ana nyuzi za pamba kwenye nywele. Ofisi ni kijumba cha mbao chenye dirisha la kioo, na humo anakaa binti yake, msichana aliyemaliza chuo, anayeshika kompyuta, risiti na ulimi mkali aliourithi bila kubisha.

Simu ikalia tena. Sasa Mama Sponji akapokea.

Alikuwa dada mmoja mwenye sauti iliyopigwa pasi. Alisema yeye ni ofisa wa ajira wa ile hoteli kubwa ya mlimani, na kwamba kuna mtu ameomba kazi pale na amemtaja Mama Sponji kuwa mtu wa kuulizwa habari zake. Mtu huyo aliwahi kufanya kazi kwake. Je, Mama ana dakika chache amweleze alikuwa mtu wa namna gani?

"Mwanangu," Mama Sponji alisema, "sauti yako nzuri, lakini mimi sikuoni. Unaweza kuwa wa hoteli, unaweza kuwa mtu anayemdai. Kata simu. Nitapiga namba ya mapokezi ya hoteli, niulizie ofisa wa ajira, tukutane huko."

Dada akacheka. "Sawa, Mama. Nakusubiri."

Mama Sponji akampa binti kazi ya kutafuta namba ya mapokezi. Wakapiga, wakaunganishwa, na sauti iliyopigwa pasi ikatokea upande wa pili ikiwa bado inacheka. Ni yeye kweli.

"Haya, sasa tumejuana," Mama Sponji alisema. "Ni nani huyo?"

Dada akamtaja kwa majina yake yote, majina ambayo karakana nzima ilikuwa imeshayasahau. Mama Sponji alifikiri kidogo ndipo akamkumbuka: ni Futi. Kijana mrefu, mwembamba, mkataji wa vitambaa, aliyekuwa akitembea na futikamba shingoni hata kwenye misiba. Aliondoka kwenda kwenye karakana kubwa ya ng'ambo ya mto iliyomwahidi mshahara mnene. Karakana ile ikafungwa kabla hajazoea njia ya kwenda. Tangu hapo anaishi kwa vibarua, leo mto, kesho pazia.

"Nitakujibu," Mama Sponji alisema, "lakini kwa maandishi. Ya mdomoni yanabadilika njiani. Niletee maswali yako, na uniletee karatasi inayoonyesha yeye mwenyewe amekubali niulizwe."

"Ipo, Mama. Ametia sahihi."

"Basi itume."

*

Fomu ilifika kwenye kompyuta, binti akaichapa, na Mama Sponji akavaa miwani. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya Futi, ile ile ndefu na nyembamba kama mwenyewe, chini ya maneno kwamba ameruhusu mwajiri wake wa zamani aulizwe kuhusu kazi yake. Hapo sawa. Akarudi juu, akasoma swali la kwanza, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Swali lilisema: *Mwombaji anaeleza kuwa alikuwa msimamizi wa karakana yenu. Tafadhali thibitisha.*

"Msimamizi?" sauti ilisema nyuma yake.

Huyo alikuwa Nyapara. Nyapara ndiye msimamizi wa karakana, hana mpinzani, na tena ni shemeji wa Mama Sponji, kamwoa mdogo wake. Alikuwa ameingia kuomba misumari, akabaki kusoma akichungulia begani kwa shemeji yake.

"Futi alikuwa msimamizi? Basi mimi nilikuwa nani, shemeji? Mlinzi?"

"Mlinzi anafika mapema," binti alisema bila kuinua macho.

"Wewe nyamaza, naongea na mama yako." Nyapara akavuta kiti, ishara kwamba misumari imesahaulika. "Dada, hii ndiyo nafasi. Waandikie ukweli wote. Waandikie alikuwa anachelewa, mpaka ukamwandikia onyo. Waandikie aliharibu velveti ya ule ukumbi wa mikutano, viti vyote vile. Waandikie ile bunduki ya stepla ya kubania vitambaa iliyopotea. Na waandikie zile wiki alizolala nyumbani na ule ugonjwa wake, maana hoteli si mahali pa mtu wa kuugua ugua."

"Umemaliza?"

"Kwa sasa."

Mama Sponji akaweka fomu mezani. Alimsikiliza shemeji yake kama anavyopokea mzigo wa sponji kutoka kiwandani. Mzigo unakuja umefungwa pamoja, lakini ukiufungua unakuta nyingine ngumu nzuri, nyingine laini, na nyingine ukiibonyeza inabaki imebonyea. Hulipi mzigo wote kwa bei moja.

"Tuanze na bunduki ya stepla," alisema. "Nani alimwona Futi akiichukua?"

"Hakuna. Lakini ilipotea wakati yupo."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwangalia sana."

Binti alicheka hadi akaangusha kalamu.

"Shemeji, ilipopotea na wewe ulikuwepo, na mimi nilikuwepo," Mama Sponji alisema. "Hukumwuliza, hukuniletea malalamiko, hakuna aliyeitwa wala kusikilizwa. Leo mtu anatafuta mkate wake, ndipo tumhukumu kwa macho uliyomwangalia? Hiyo haiingii."

"Haya. Ugonjwa je?"

Hapo Mama Sponji akafunga dirisha la kijumba, ingawa kelele za nyundo zilitosha kuficha hata ugomvi. "Ugonjwa alinieleza mlango umefungwa, ili nimpe ruhusa. Nikampa. Wewe hujui alikuwa na nini, na hutajua. Na hoteli pia haitajua kutoka kwangu."

"Lakini hawakuwepo watu kazini, dada. Kazi ililala."

"Kazi ililala kwa ruhusa yangu. Ulitaka nimwite akate vitambaa na dripu mkononi?"

Nyapara akakuna kidevu. Alikuwa mtu mwenye moyo mzuri kwa siku za kawaida, lakini neno *msimamizi* lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. "Velveti je? Velveti haikufungiwa mlango. Kila mtu aliiona."

"Velveti tutaona," Mama Sponji alisema. "Na onyo tutaona. Haya, chukua misumari yako."

*

Kabla ya kuandika chochote, alimpigia Futi. Hakumwambia kwa simu. Alimwambia tu aje, na aje bila kujipaka manukato, maana hapa si harusini.

Futi alifika saa ya mapumziko, futikamba shingoni. Mafundi wakampokea kwa vigelegele vya kumtania, mmoja akamwuliza kama ng'ambo ya mto wanakata kitambaa kwa meno. Nyapara alimpa mkono ulionyooka kama mbao, akaondoka.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hilo halina mguu."

Futi akakaa kwenye mrundo wa sponji, magoti yakapanda hadi kifuani.

"Hoteli imeniuliza habari zako," Mama Sponji alisema.

Uso wa Futi ukang'aa. "Nilijua watakuuliza. Mama, hii kazi nikiipata nimepona. Mtoto anaanza shule, mwenye nyumba ananisalimia kwa jina la mwezi uliopita. Nafasi ni ya msimamizi wa samani, hoteli nzima, viti, vitanda, mapazia."

"Umewaambia ulikuwa msimamizi hapa."

Mng'ao ukapungua. Futi akaanza kuviringisha futikamba kidoleni. "Walitaka mtu aliyewahi kusimamia, Mama. Na mimi si nilikaa kile kiti? Nyapara alipoenda likizo, si mimi niliyegawa kazi?"

"Ulikaa akiwa likizo. Aliporudi ukatoka. Hiyo inaitwa kushika nafasi. Kazi yako ilikuwa ukataji, na nilikulipa kama mkataji."

"Si kuna tofauti ndogo tu?"

"Mteja akilipia kochi la watu watatu ukampelekea la wawili, utamwambia tofauti ni ndogo?"

Futi akaachia futikamba. Kisha akajaribu mlango mwingine, na Mama Sponji akamwona anaujaribu, kwa sababu yeye mwenyewe ameishi kwa kujaribu milango. "Mama, si lazima useme uongo. Liruke tu lile swali. Liache wazi."

"Nikiliacha wazi, yule dada atajua nimeficha kitu, na ataanza kukisia. Watu wakikisia hawakisii mazuri. Sikiliza, Futi. Sitaandika kwamba ulikuwa msimamizi. Nikiandika, siku yoyote wakigundua, umefukuzwa wewe na neno langu limekuwa takataka, na mafundi wengine wote watakaotaka niwasemee wamekosa msemaji. Nitaandika ulivyokuwa. Fomu sitaituma leo, nitaituma kesho jioni. Kati ya sasa na kesho jioni, wewe una simu."

"Niwapigie niseme nini? Kwamba nilidanganya?"

"Waambie cheo ulichoandika si sahihi. Ulikuwa mkataji, ukashika nafasi ya msimamizi akiwa likizo. Ukisema wewe, umejisahihisha. Wakisoma kwangu, umeumbuliwa."

"Wataninyima."

"Inawezekana," Mama Sponji alisema, maana hakuwa mtu wa kuuza kitu kwa kuficha kasoro zake. "Lakini sasa hivi umeomba kazi kwa cheo cha shemeji yangu. Hata ukiipata, utaishi na wasiwasi kila gari la karakana hii likipanda mlimani."

Futi alizama kidogo kwenye mrundo, sponji ikimeza uzito wake. Halafu akauliza taratibu, "Na ile ya kuumwa?"

"Ile ni yako. Si mali yangu, siwezi kuitoa dukani. Wakiuliza ulikuwa unakosekana, nitasema ulikosekana kwa ruhusa. Wakitaka kujua zaidi wakuulize wewe, na wewe ndiye utakayeamua."

"Onyo je?"

"Wameuliza, kuna swali lake. Nitasema ulipewa onyo moja la kuchelewa mwanzoni, na halikurudiwa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," Futi alisema. "Lile onyo nilistahili."

"Ulistahili. Nenda kapige simu."

*

Kesho yake walijaza fomu, mama akisema na binti akiandika. Kazi iliyodhaniwa ya dakika chache ikala nusu ya mchana, kwa sababu Mama Sponji alibishana na kila neno kana kwamba lina bei.

Kwenye cheo aliandikisha: *Mkataji wa vitambaa. Alishika nafasi ya msimamizi kwa kipindi cha likizo ya msimamizi.* Binti alitaka kuongeza *kwa ufanisi mkubwa*. Mama akamwambia ufanisi una swali lake huko mbele, asiulipe mara mbili.

Kwenye sababu ya kuondoka: *Aliacha kazi mwenyewe, kwa taarifa ya maandishi na kwa muda uliotakiwa.*

Kwenye mahudhurio aliandikisha onyo moja la kuchelewa, mwaka wake wa kwanza, na kwamba baada ya hapo kila alipokosekana alikuwa na ruhusa. Wakafungua faili kuhakikisha, maana kumbukumbu ya Mama Sponji ni nzuri sana kwa bei na hivi hivi kwa tarehe.

Walipofika kwenye uaminifu, binti akaandika haraka: *Hakuna wizi wowote uliothibitishwa dhidi yake.*

"Futa," Mama Sponji alisema.

"Mama, si ni kweli?"

"Ni kweli inayong'ong'a. Ukisikia 'hakuna wizi uliothibitishwa', wewe si utafunga mkoba wako? Hilo neno 'uliothibitishwa' limemfanya Futi mwizi kabla hajaiba. Andika nilichokiona: *Alikuwa na ufunguo wa stoo ya vitambaa vya wateja. Katika muda wake wote hapa hatukupokea lalamiko lolote kumhusu.*"

Nyapara alikuwa mlangoni tena. Leo hakuomba hata misumari.

"Na mimi? Mimi nalalamika," alisema.

"Umeanza juzi, shemeji. Yeye kaondoka kitambo."

Ndipo wakafika swali la mwisho kabla ya sahihi, swali ambalo Mama Sponji alikuwa amelizunguka tangu jana: *Toa mfano wa kosa alilofanya kazini na jinsi alivyolishughulikia.*

"Hapo," Nyapara alisema, akiingia ndani mzima mzima. "Hapo ndipo velveti inapokaa. Dada, huwezi kuikwepa, wameiuliza wenyewe."

"Siikwepi," Mama Sponji alisema. "Binti, andika."

Velveti, kwa asiyejua, ni kitambaa chenye manyoya mafupi, na manyoya hayo yana upande. Ukipapasa kwenda chini yanalala na kung'aa, ukipapasa kwenda juu yanasimama na kuwa giza. Kwa hiyo kila kipande cha kiti kimoja, na viti vyote vya ukumbi mmoja, lazima vikatwe manyoya yakielekea upande mmoja. Ukigeuza kipande ili kibane vizuri mezani na kuokoa kitambaa, hutaona kosa mezani. Utaliona viti vikishapangwa, nusu vyekundu na nusu rangi ya damu iliyokauka, na mteja atakuuliza kwa nini umemletea viti vya kumbi mbili.

Futi ndiye aliyevigeuza. Nyapara alikuwa likizo, kazi imebana, na Futi akataka kuonyesha kuwa anaweza kubana matumizi. Hilo Nyapara alilijua, kwa sababu aliporudi mafundi walimsimulia wakicheka. Asichokijua ni kilichofuata, kwa kuwa hakuuliza, na Futi hakuwa mtu wa kujisimulia.

Binti aliandika, na alipomaliza akasoma kwa sauti:

"*Akishika nafasi ya msimamizi, alikata velveti ya viti vya ukumbi bila kulinganisha upande wa manyoya, na rangi ikatofautiana. Aligundua mwenyewe viti vilipopangwa, kabla mteja hajaviona. Alinipigia simu saa ile ile, akasema kosa ni lake na si la mafundi waliokuwa chini yake. Alimweleza mteja mwenyewe, akaomba siku zaidi, akakata upya vipande vilivyokosewa akifanya kazi Jumapili. Mteja alipokea viti na ameagiza tena. Tangu hapo mwombaji alichora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande cha velveti, na karakana yetu inafanya hivyo hadi leo.*"

Nje, kwenye meza ndefu, mkataji mpya alikuwa akichora mshale wa chaki nyuma ya kipande cha kitambaa cha kijani, bila kujua anazungumziwa.

"Mshale ule ni wa Futi?" Nyapara aliuliza.

"Ulifikiri ni wa nani?"

"Nilifikiri ni wangu," Nyapara alisema. "Nimewafundisha watu wengi mshale ule." Akasimama akiangalia fomu kama mtu aliyejichagulia kipande cha nyama akakuta ni mfupa. "Lakini dada, hii sasa imekuwa sifa."

"Wewe ndiye uliyetaka velveti iandikwe. Nimeandika velveti. Kuna uongo humo?"

Nyapara alifikiri kwa haki kabisa. "Hakuna."

"Imeongezwa chumvi?"

"Haijaongezwa. Ila..." Akakuna kidevu. "Ile ya kusema kosa si la mafundi waliokuwa chini yake. Hilo mimi sikuambiwa."

"Hilo ndilo usimamizi, shemeji," binti alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuambiwa anyamaze.

Chini, mahali palipouliza kama wangemwajiri tena, Mama Sponji aliandika kwa mkono wake: *Ndiyo, kama mkataji, hata kesho. Kama msimamizi, ningempa muda wa kujaribiwa kwanza.* Akatia sahihi, akagonga mhuri, binti akaituma kwa ofisa yule mwenyewe na si kwa anwani ya hoteli nzima, na nakala ikafungiwa kabatini.

*

Simu ilikuja siku mbili baadaye. Sauti iliyopigwa pasi ilimshukuru sana, ikasema majibu ni ya wazi kuliko wanayoyapata kwingine, halafu ikashuka kidogo, ikawa ya jirani.

"Mama, kati yetu tu. Umeandika alikosekana kwa ruhusa. Hiyo ruhusa ilikuwa ya nini? Anaumwa umwa?"

"Kati yetu kuna yeye pia, mwanangu," Mama Sponji alisema. "Ruhusa nilitoa mimi, na sababu ni yake. Nikikueleza ya kwake leo, kesho ukiacha kazi hapo hotelini, bosi wako naye aeleze ya kwako?"

Upande wa pili pakawa na kicheko kifupi cha mtu aliyeshikwa. "Nimekuelewa. Sikupaswa kuuliza." Kisha, pengine kwa kuona aibu, pengine kwa kuwa ndivyo watu wa hoteli walivyo, akaongeza, "Unajua, watu wetu wa manunuzi wanatafuta pa kutengenezea upya viti vya mkahawa. Ni vingi. Tukiendelea kufahamiana vizuri hivi..."

Viti vya mkahawa wa hoteli ile Mama Sponji aliwahi kuviona mara moja. Sponji za viti hivyo zilikuwa zimekufa zamani, na kichwani mwake alikuwa ameshavivua kitambaa vyote na kuvihesabia gundi. Lakini alijua pia kuwa vitu viwili vikipimwa kwenye mzani mmoja, kimoja kitapunjwa.

"Viti nakuja kuviona, na bei tutavutana mpaka mtajuta kunifahamu," alisema. "Ila hiyo ni safari nyingine. Ya Futi, ndivyo tunavyomwita hapa, imeisha nilipotia sahihi."

"Ya Futi imeisha," dada alikubali. "Alitupigia mwenyewe, unajua? Kabla ya jibu lako. Alisema aliandika cheo kisicho chake. Tulikuwa tumeshaanza kumweka pembeni. Kisha fomu yako ikaja, na vitu vyote vikalingana. Nafasi ya msimamizi tumempa mtu mwingine, nakwambia wazi. Lakini tulihitaji na fundi mkuu wa vitambaa, chini ya huyo msimamizi. Tunampa hiyo, kwa miezi ya majaribio. Tafadhali usimwambie mpaka nimpigie."

"Sina mdomo," Mama Sponji alisema, na kwa shida kubwa hakuwa nao mpaka siku ya pili, Futi mwenyewe alipoingia karakana mbio mbio, mlango ukiachwa unayumba.

"Wamenipa, Mama. Si ile, lakini wamenipa."

"Nimefurahi."

"Mkataba ni wa mwaka. Mshahara si wa msimamizi..."

"Kwa sababu wewe si msimamizi."

"Bado," Futi alisema, na hapo mafundi wakapiga mbao kwa nyundo, kelele ikajaa banda. Nyapara alikuja kutoka upande wa fremu. Alimpa mkono, na mara hii mkono ulikunjika kiwiko.

"Hongera, kijana. Nasikia mshale ule ulikuwa wako."

"Mshale gani, mzee?"

"Basi tu. Hongera."

Futi alipoondoka, akiwa ameahidi kupita kila mwisho wa wiki, ahadi ambayo hakuna aliyeiamini na hakuna aliyeichukia, Nyapara alimfuata Mama Sponji hadi mlango wa kijumba. Alionekana anageuza geuza jambo.

"Dada, hebu niulize. Mimi nikiondoka hapa, na watu wakaja kuuliza habari zangu, utaandika nini?"

Mama Sponji alivaa miwani, akamtazama kuanzia viatu hadi nyuzi za pamba nywelani.

"Nitaandika ulivyo," alisema.

Nyapara aliipima habari hiyo kwa muda.

"Basi sitaondoka," alisema, akarudi kwenye fremu zake.